Dondoo muhimu: Jibu la sauti linalojituma WhatsApp

Mwenye duka la pembejeo anaweza kuunganisha namba yake na WhatsApp Cloud API, mteja akaandika 1 na kuletewa maelezo ya mbegu kwa sauti.

1. Rekodi kila jibu peke yake, lisizidi dakika moja. Bei iwe faili tofauti, maana ndiyo inayobadilika.

2. Geuza faili liwe OGG ya Opus, mono. Kubadili jina tu kutoka .mp3 kwenda .ogg hakusaidii, na hapo ndipo wengi hukwama:

```
ffmpeg -i mbegu.mp3 -ac 1 -c:a libopus -b:a 24k mbegu.ogg
```

Dakika moja hapo huwa kama KB 180, nyepesi hata kwa bando dogo.

3. Weka `"voice": true` kwenye sehemu ya `audio` ya ombi la kutuma ujumbe. Bila hiyo, sauti hufika kama faili la kawaida.

4. Faili ulilolipakia kwenye WhatsApp kupitia API hudumu siku 30. Lipakie upya mapema, la sivyo majibu yatakatika.

5. Sauti hutumwa ndani ya saa 24 tangu mteja alipoandika mara ya mwisho. Zikipita, tuma kiolezo cha maandishi kilichoidhinishwa, chenye kitufe cha "Nitumie sauti". Akikibonyeza, saa 24 huanza upya. Kiolezo chenyewe hakibebi sauti.

6. Vipimo vya dawa viandike pia chini ya sauti. Akiwa shambani na bomba mgongoni, mkulima asilazimike kusikiliza upya kutafuta namba moja.