Kununua Nyumba kwa Mkopo wa Benki: Karatasi za Kukusanya na Maneno ya Kumwambia Muuzaji

Kijitabu kwa wanunuzi wa Ifakara na bonde la Kilombero

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari aliyeiona nyumba Viwanja Sitini mwezi Agosti. Vyumba vitatu, umeme upo, bei shilingi milioni 60. Mwenye nyumba ni mzee mwenye shamba la mpunga, na anauza kwa sababu moja: anataka fedha za trekta, mbegu na vibarua kabla mvua za kupandia hazijaanza. Mwalimu hana milioni 60. Ana akiba kidogo, ana mshahara, na anategemea benki. Mzee akiuliza, "Fedha utaleta lini?", mwalimu ajibu nini?

Wanunuzi wengi hujibu "mwezi mmoja tu, mzee", kwa kuogopa kwamba nyumba itachukuliwa na mwenye fedha taslimu. Novemba inafika, mashamba yanalimwa, benki bado haijalipa. Hapo ugomvi huanza, na mara nyingi hati hurudishwa kabatini. Kijitabu hiki kinaeleza muda wa mkopo huliwa na nini, ili jibu utakalompa muuzaji liwe la kweli.

Anza na hati ya nyumba, si mshahara wako

Karatasi zako mwenyewe hukusanywa ndani ya wiki moja au mbili: kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, slipu za mshahara za miezi ya karibuni, barua ya mwajiri, taarifa ya akaunti ya benki ya angalau miezi sita, na cheti cha ndoa kama una ndoa. Mtumishi wa umma akumbuke kwamba baada ya makato yote lazima ibaki theluthi moja ya mshahara. Kama tayari una mkopo mwingine, piga hesabu hiyo kabla ya kwenda kuangalia nyumba.

Soma majina herufi kwa herufi. Omari kwenye kitambulisho na Omary kwenye slipu ni watu wawili machoni pa benki. Utahitaji kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, na ni heri ukipate mapema kuliko kurudishwa dirishani.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi za muuzaji. Muulize kwa upole lakini waziwazi: ana hati gani? Bondeni kwetu kuna aina tatu zinazochanganywa. Ipo hati miliki, inayotolewa kwa kiwanja kilichopimwa. Ipo hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo vijiji vingi vya Kilombero, Ulanga na Malinyi vilipata kupitia programu ya umilikishaji ardhi iliyoanza mwaka 2016. Na ipo karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtendaji. Mikopo ya muda mrefu ya nyumba kwa kawaida husimama juu ya ile ya kwanza. Ukiambiwa "hati ipo", omba kuiona, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo jalada letu linashughulikiwa Morogoro mjini, si Dar es Salaam.

Upekuzi wa nyumba ya mzee wetu, tuseme, umeonyesha jina la marehemu baba yake. Hapo pekee mambo husogea kwa miezi: mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, jina libadilishwe, ndipo uuzaji uanze. Hakuna benki itakayoharakisha hilo. Hata kama jina ni la mzee mwenyewe, kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na mkewe awe tayari kutoa ridhaa, maana ni nyumba ya familia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mwenza katika jambo hili, na ndiyo maana wewe pia utatakiwa kusaini rehani pamoja na mwenza wako.

Mthamini akisema chini ya bei

Benki hutuma mthamini aliyesajiliwa. Akifika ataangalia kuta, njia ya kuingilia, na alama ya maji ukutani, kwa kuwa Mto Lumemo hufurika na maji huingia kwenye baadhi ya mitaa ya mji. Tuseme ameithamini nyumba kwa milioni 52. Benki hukopesha kwa kufuata kiasi kidogo kati ya bei na thamani. Kama inatoa asilimia 80, mwalimu aliyetarajia milioni 48 atapata milioni 41.6. Pengo lililokuwa milioni 12 sasa ni milioni 18.4.

Siku hiyohiyo mwalimu amfuate mzee. Akikaa kimya akitafuta milioni 6.4 kwa ndugu, mzee anaendelea kuamini tarehe ambayo haipo tena. Huenda mzee akapunguza bei, huenda akatafuta mnunuzi mwingine. Vyote ni haki yake.

Jambo gumu zaidi kumweleza

Benki hailipi siku inapokubali mkopo. Hulipa baada ya umiliki kuhamishwa na rehani yake kusajiliwa. Maana yake mzee anaombwa asaini uhamisho na kutoa hati yake kabla hajashika fedha. Hofu yake ni ya haki kabisa, na mnunuzi asiipuuze.

"Shikamoo mzee. Nyumba nimeipenda, lakini nanunua kwa mkopo. Hati yako itapita benki na kwa msajili Morogoro kwanza, fedha zifuate. Sitakudanganya kwamba ni mwezi mmoja. Mimi nahesabu miezi mitatu mpaka minne, na inaweza kuzidi."

"Sasa mwanangu, hati ikishaondoka mimi nabaki na nini?"

Jibu liwe la maandishi. Kabla hati haijatoka mkononi mwake, mzee apate barua ya benki inayoahidi kumlipa kiasi kilichotajwa, kwenye akaunti yake, mara usajili ukikamilika. Hati ikabidhiwe kwa benki au wakili, kwa saini ya mapokezi. Isipitie kwa dalali, wala isikae kwako.

Kuna kingine kinachokwamisha. Kabla ya uhamisho, mamlaka ya mapato hudai kodi ya faida ya mauzo ya mali, nayo ni ya muuzaji, ambaye bado hajalipwa. Njia nzuri ni mchango wako wa fedha taslimu utangulie na ulipe kodi hiyo kwa namba ya malipo ya serikali, stakabadhi ibaki na wakili.

Mkataba wa mauziano utaje tarehe ya mwisho ya kusubiri, na useme wazi nini kitatokea kwa malipo ya awali kama benki itakataa mkopo au kama mmoja wenu atajitoa. Kama mzee lazima alime Novemba na wewe umeanza Agosti, mwambie ukweli: huenda fedha zisifike kabla ya msimu. Anaweza kukubali sehemu ya awali ya kutosha trekta na mbegu, nyingine isubiri. Anaweza pia kumuuzia mwenye fedha mkononi, na hapo utakuwa umepoteza nyumba bila kumharibia mtu kilimo chake.

Jibu la benki likitoka, hata likiwa la kukataa, mpigie muuzaji siku ileile.