Kuchunguza mashini ya lazeri kabla ya kupima shamba

Katika kooperative zetu za Bendera, kipimo cha shamba ni pesa. Mlimaji analipwa kwa ari (mita 10 kwa mita 10), na mbegu pia tunaigawa kwa ari. Kwa hiyo wengi wamefurahi kupata ile mashini ndogo ya lazeri, juu inapima haraka kupita dekameta. Karatasi yake inasema inaweza kukosea milimita 2 hivi. Ni kweli, lakini hiyo ni kwa ukuta mweupe ulio kivulini. Shambani, saa sita mchana, ni jambo lingine.

Kwanza tujue kama mashini yenyewe iko sawa. Tafuta ukuta wa depo uliopigwa lipu, wenye udongo tambarare mbele yake. Chora alama ukutani, chini karibu na udongo, na ushike pale sifuri ya dekameta ya chuma. Dekameta ya kitambaa usiitumie, inavutika. Watu wawili waivute vizuri, asubuhi, isipite juu ya majani wala kupinda. Piga pikete za chuma kwa mita 10, 20 na 30, vichwa vyake vikiwa kimo kimoja na ile alama. Pima mara ya pili kabla ya kuzitia betoni. Sasa mko na mstari mnaoujua, na utabaki hapo miaka.

Weka mgongo wa mashini juu ya kila pikete, elekeza nukta nyekundu kwenye alama ya ukuta, pima mara tano. Usimmulike mtu machoni hata kwa mchezo.

Tuseme inaandika 9.88, kisha 19.88, kisha 29.88. Kosa ni lilelile kila mahali, sentimita 12. Hapo mashini haijaharibika. Pima mwili wake na rula: kama una sentimita 12, basi mtu amegusa kifungo, na sasa inahesabu kuanzia mbele badala ya mgongoni. Irudishe tu. Lakini ikiandika 10.03, 20.06, 30.09, kosa linakua pamoja na umbali. Wengi wanalaumu lazeri, sisi tunaangalia dekameta kwanza: kama imevutika, ile mita 30 yake inapita mita 30 za kweli. Leta dekameta nyingine ulinganishe. Kwa kazi ya shamba, tofauti ya sentimita moja kwa mita 30 inatutosha.

Mashini ikishafaulu ukutani, shida inabaki kwenye kile inachogonga. Inatuma mwanga, inangojea ule unaorudi, na kutoka hapo inahesabu njia. Kitu cheupe kisichong'aa kinarudisha mwanga mwingi. Jani bichi la muhindi linaumeza mwanga mwekundu, udongo mweusi wenye maji pia. Manjanja mapya yanafanya kinyume: yanautupa mwanga upande mwingine kama kioo, na mashini inabaki bila jibu.

Jua linaongeza taabu. Mwanga wake unaingia kwenye jicho la mashini na kufunika ule mdogo unaorudi. Mashini inachelewa, inaandika kosa, na wewe hata nukta huioni tena. Hiyo si mbaya sana, kwani inakuambia imeshindwa. Mbaya ni pale inapotoa namba safi ya kitu kingine. Chukua shamba la mita 50 kwa 40, ndiyo ari 20. Mpimaji anaelekeza upande wa mita 50, haoni nukta, kumbe inagonga shina la nyasi kwa mita 38. Mashini inaandika 38.00 bila kusita. Hesabu inatoka 38 mara 40, ari 15 na kidogo. Mlimaji amepoteza malipo ya karibu ari tano, na hakuna aliyemwibia.

Kwa hiyo tengeneza ubao wa sentimita 40 kila upande, uupake chokaa, mtu ausimamishe juu ya pikete ya mwisho, mwingine autie kivuli kwa mwamvuli. Jua liwe mgongoni mwa mwenye mashini, si mbele yake. Akimaliza, wabadilishane nafasi na kupima kutoka upande wa pili: zile namba mbili zikiachana kwa sentimita nyingi, kuna jani au nyasi katikati. Hatua za mguu nazo zisaidie, juu mita 38 na mita 50 hata mguu unazitofautisha.

Mstari ukipita mita 30 juani, sisi tunaukata vipande viwili na pikete katikati, ama tunangojea saa kumi na moja jioni.