Doa jeusi unyayoni: dawa ya nyumbani iishie wapi

Huku Ikoma, kwa mtu anayeshinda porini na katambuga, doa jeusi likitokea unyayoni huitwa mwiba. Linachokonolewa kwa pini, linapakwa majani yaliyosagwa, na mwenyewe anarudi kwa ng'ombe wake. Mara nyingi kweli ni mwiba. Lakini kwetu wenye ngozi nyeusi, saratani iitwayo melanoma hutokea zaidi mahali hapo hapo: unyayoni, kiganjani na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa 1977, na mwaka 1981 ikamuua.

Kwa hiyo mwekee huyo mwiba tarehe ya mwisho. Osha mguu, uangalie mchana kwenye mwanga, weka rula kando ya doa, piga picha kwa simu. Rudia kila wiki. Kidonda kidogo kikipita wiki nne bila kufunga, acha majani, nenda zahanati. Na usingoje hata wiki hizo ukiona doa linapanuka, kingo zimepinda huku na huku, rangi zimechanganyika, linainuka au linatoka damu. Kutouma kusikutulize, maana melanoma changa aghalabu haiumi.

Kucha iliyogongwa na jiwe ina kipimo chake. Kwaruza alama kidogo juu ya kucha, pale weusi unapoanzia upande wa shina. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na kucha, na baada ya miezi miwili hivi utaona kucha safi ikichomoza nyuma yake. Mstari mweusi usiosogea, unaonenepa, au uliomwagikia kwenye ngozi ya shina la kucha, upeleke hospitali. Mistari myembamba kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi.

Uvimbe wenye mfuko ndani ni jambo jingine. Ukiuma, ukande kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Usiukamue: mfuko hupasukia ndani na usaha ukasambaa. Siku tatu zikipita bila nafuu, ukipata homa, au joto la ngozi likienea kuzunguka uvimbe, nenda. Mwenye kisukari aende siku hiyo hiyo.

Anzia zahanati, kisha Mugumu, na uombe rufaa ya Musoma au Bugando, Mwanza, kwa daktari wa ngozi. Kabla ya hapo doa lisikatwe kwa wembe wala kuchomwa kwa asidi ya betri: juu hupona, mizizi ikabaki, na daktari anakosa cha kupima. Likikatwa hospitali, uliza: "Daktari, kipande hiki kinapelekwa maabara?" Kipande huhifadhiwa kwenye fomalini na kusomwa kwa hadubini. Andika namba yake na tarehe ya majibu, uyafuate mwenyewe.