Dawa Kinzani Shindani na Zisizo Shindani: Funzo Kutokana na Uvimbe wa Tezi ya Adrenali

Feokromositoma ni uvimbe wa tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, ambao humwaga noradrenalini nyingi katika damu. Noradrenalini hushika vipokezi vya alfa katika mishipa ya damu. Mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia vipokezi hivyo. Fentolamini na fenoksibenzamini zote huvizuia, lakini kwa namna mbili tofauti.

Tofauti hiyo huonekana kwenye grafu. Mstari wa mlalo huonyesha dozi ya noradrenalini, na wa wima huonyesha kiasi cha kubana kwa mshipa. Ukali husomwa katika dozi inayoleta nusu ya kilele: dozi hiyo ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa. Ufanisi ni urefu wa kilele chenyewe. Tuchukue mfano ambapo kipimo 1 cha noradrenalini huleta nusu ya kilele, na kilele ni asilimia 100.

Fentolamini ni kinzani shindani. Hushika kipokezi na kukiachia, hivyo noradrenalini ikizidi huweza kuchukua nafasi yake. Huenda sasa vikahitajika vipimo 10 kufikia nusu, lakini kilele hubaki 100. Mchoro mzima umesogea kulia: ukali umepungua, ufanisi haukuguswa.

Fenoksibenzamini hujifunga kwenye kipokezi kwa kifungo cha kikemia kisichofunguka. Ingawa hukalia mahali palepale, katika grafu hutenda kama kinzani isiyo shindani, kwa kuwa vipokezi vilivyofungwa vimetoka katika hesabu. Kilele huweza kushuka hadi 40, na hakuna wingi wa noradrenalini utakaokirudisha. Nusu yake, yaani 20, bado huweza kufikiwa kwa kipimo 1: ufanisi umeshuka, ukali umebaki.

Hata hivyo, tishu yenye vipokezi vya akiba huweza kupotosha msomaji. Dozi ndogo ya fenoksibenzamini husogeza mchoro kulia kwanza, kama kinzani shindani. Dozi ikiongezwa, akiba huisha na kilele huanguka. Kwa hiyo tusihukumu kwa mchoro mmoja.

Daktari mpasuaji anapougusa uvimbe, noradrenalini hufurika ghafla. Kinzani shindani huweza kuzidiwa na furiko hilo. Fenoksibenzamini huhimili zaidi. Lakini uvimbe ukishatolewa, kifungo kingali kipo mpaka mwili utengeneze vipokezi vipya, na shinikizo huweza kushuka mno. Wakati huo noradrenalini ya sindano huenda isifue dafu. Wahudumu hutegemea maji ya mshipani, na inapobidi vasopresini, ambayo hutumia vipokezi vingine. Mgonjwa anayetumia fenoksibenzamini naye ainuke kitandani polepole, kwa sababu mishipa yake haibani upesi anaposimama, na kizunguzungu huweza kumwangusha.