SOMO: Kujibu Barua ya Kazi bila Kuipoteza Kazi

Katika somo hili tunashughulika na barua pepe moja tu: ile anayoiandika mfanyakazi aliyepewa kazi mpya, akaona mshahara ni mdogo na tarehe ya kuanza iko karibu mno. Wengi wetu hapa ziwani tunadhani kuna njia mbili, kukubali kimya au kukataa. Ipo ya tatu, lakini ina mtego wa kisheria ambao ni lazima uujue kabla ya kugusa simu yako.

Tuchukue mfano. Ni Juni 2025. Mwenzetu ni fundi wa mtambo wa barafu hapa Kashikishi, kwenye biashara ya samaki. Anapata mshahara wa msingi K4,000 na posho ya nyumba K1,000. Tarehe 2 Juni anapata barua pepe kutoka kiwanda cha chai huko juu Kawambwa: kazi ya fundi mashine, mkataba wa miaka 2 unaoweza kufanywa upya, mshahara wa msingi K4,600, aanze tarehe 16 Juni. Nyumba haikutajwa.

Jambo la kwanza ni hesabu. Mwenzetu anaona K4,600 dhidi ya K4,000 na anafurahi kwa nyongeza ya K600. Lakini leo mkononi mwake, kabla ya makato, ni K5,000. Kama barua ile haina nyumba, anahama kutoka ziwani kwenda kupata K400 pungufu kila mwezi. Linganisha msingi na msingi, na jumla na jumla. Usichanganye.

Tena, ukiomba nyongeza, iombe kwenye msingi kwanza. Sheria ya Ajira ya Zambia, namba 3 ya 2019, inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo mwishoni mwa mkataba wa muda mrefu, kisichopungua asilimia 25 ya mshahara wa msingi uliopatikana katika muda wote wa mkataba. Posho haimo. Kwa msingi wa K4,600, miezi 24 inaleta kiinua mgongo cha K27,600. Kwa msingi wa K5,000 ni K30,000. Ukipewa zile K400 kwa jina la posho, utazila kila mwezi, lakini zile K2,400 za mwisho hutaziona.

Sasa tarehe. Mkataba wake wa Kashikishi umepita miezi 3 na haukutaja muda wa notisi. Hapo sheria hiyo hiyo inadai notisi ya siku 30. Kwa hiyo tarehe 16 Juni haiwezekani, na hilo si suala la kubembeleza. Mwajiri mpya mwenye akili atafurahi kuona kwamba fundi wake haondoki kazini kama mwizi, maana siku moja ataondoka na kwake pia. Mwajiri wa sasa anaweza kukuachilia mapema, lakini akubali kwa maandishi.

Tufike kwenye mtego. Sheria ya mikataba ya Zambia imerithi misingi ya Uingereza, na msingi mmoja unatokana na kesi ya mwaka 1840, Hyde na Wrench. Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwamba atatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akarudi akasema, basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikaamua kwamba hakuna mkataba: pale Hyde alipotaja bei yake, aliiua ile ya kwanza, na hakuweza kuifufua peke yake.

Mwaka 1880 ikaja kesi nyingine, ya Stevenson na McLean, juu ya kuuza chuma. Safari hii mnunuzi hakutaja bei yake. Aliuliza kwa simu ya maandishi kama muuzaji angekubali kuletwa kwa chuma katika muda wa miezi 2, na kama sivyo, muda gani mrefu zaidi angempa. Mahakama ikasema hilo ni swali tu. Halikuua kitu, na mnunuzi aliweza bado kukubali.

Kwa hiyo ukiandika, "Sikubali mshahara huo, nataka K5,000," umefanya kama Hyde. Mwajiri akisema hapana, hana deni nawe, hata ukirudi kesho na kusema K4,600 inatosha. Ukiuliza, barua yao inabaki hai mpaka waiondoe wenyewe au muda wake upite. Heshima katika barua hii si adabu tu, ni kinga.

Mwenzetu aliandika hivi tarehe 4 Juni. Huenda wewe utaiandika kwa Kiingereza. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili ili uzito wa kila neno uonekane.

"Mheshimiwa Meneja Utumishi,

Nashukuru kwa barua yenu ya tarehe 2 Juni ya kunipa kazi ya fundi mashine. Ninaitaka kazi hii. Kabla ya kutia sahihi, naomba kuuliza mambo mawili.

Kwanza, mshahara. Kwa sasa napata jumla ya K5,000, ikiwamo posho ya nyumba. Nina uzoefu wa miaka 6 wa mitambo ya kupoza na mota za umeme. Je, ingewezekana mshahara wa msingi uwe K5,000? Pia naomba kujua kama kazi hii ina nyumba ya kampuni au posho ya nyumba.

Pili, tarehe ya kuanza. Ninadaiwa notisi ya siku 30. Nikipata majibu yenu kufikia tarehe 6 Juni, nitatoa notisi siku hiyo hiyo. Je, mtakubali nianze Jumatano tarehe 9 Julai?

Maswali haya si kukataa barua yenu. Nasubiri majibu yenu kwa heshima."

Tazama tarehe 9 Julai ilivyopatikana. Siku 30 kutoka tarehe 6 Juni zinaishia Jumapili tarehe 6 Julai. Jumatatu na Jumanne zinazofuata ni Siku ya Mashujaa na Siku ya Umoja, sikukuu zote mbili. Mtu aliyehesabu hivyo anaonekana kuwa mtu wa kazi.

Tazama pia kisichoandikwa. Mwenzetu ameamua moyoni kwamba K4,600 pamoja na nyumba inamtosha. Hilo halimo katika barua, na hakuna sababu liwemo. Wala hakuandika habari za karo za watoto au madeni ya duka. Meneja hulipa ufundi. Uzoefu na mshahara wa sasa utakaoutaja uwe wa kweli, kwa sababu wanaweza kuomba hati ya malipo.

Kama kiwanda kina mkataba wa pamoja na chama, ngazi za mshahara zimekwisha kupangwa, na meneja hawezi kuzipita kwa barua yako. Muulize kwanza katibu wa tawi. Huko utauliza upangwe ngazi gani, wala si kwacha ngapi.

Tuma kwa anwani yako mwenyewe, si ya ofisi ya sasa. Kama unatumia kompyuta ya dukani Nchelenge, funga akaunti yako kabla ya kuinuka.

Majibu yakija kwa simu, "Sawa, njoo tu," bado usitoe notisi. Waandikie siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo, msingi ni K4,800, nyumba ya kampuni, kuanza tarehe 9 Julai. Naomba mnithibitishie kwa maandishi." Yakija maandishi, jibu kwamba unakubali, tia sahihi, kisha peleka notisi kwa mwajiri wa Kashikishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe. Na kama uthibitisho umechelewa kwa siku 4, hesabu ya siku 30 nayo inasogea kwa siku 4, waambie mapema.