Asilimia 60 ya Nini?

*Ninauza vitenge hapa Tanga na nimedunduliza shilingi milioni 10. Riba siitaki. Benki moja ya Kiislamu inaniahidi asilimia 60 ya faida. Dirisha la Kiislamu la benki nyingine, asilimia 50. Kaka yangu ananicheka. Yeye alinunua kiwanja kwa milioni 10, baada ya miaka 5 akakiuza milioni 15. Nishike lipi?*
*Mama Vitenge, Tanga*

Dada yangu, asilimia 60 uliyoahidiwa si ya fedha zako. Katika akaunti ya mudaraba wewe unatoa mtaji, benki inaufanyia biashara, na kinachopatikana mnagawana. Kwa hiyo swali la kwanza ni kilichopatikana.

Tuchukue mfano. Benki ya kwanza imepata shilingi 9 kwa mwaka katika kila 100 za wawekaji. Asilimia 60 ya 9 ni 5.40, yaani 540,000 kwa milioni zako 10. Ya pili imepata 14. Nusu yake ni 7, nawe unachukua 700,000. Mgawo mdogo umekupa zaidi. Kwa hiyo waulize wote wawili: wawekaji walilipwa asilimia ngapi kwa mwaka, katika miaka 3 iliyopita, baada ya kodi na makato? Wakikutajia "faida inayotarajiwa" peke yake, hilo ni kadirio. Omba waliyolipa kweli.

Sasa kiwanja cha kaka. Akihesabu vizuri, ataongeza gharama za upimaji na kubadili hati, tuseme 600,000; mtaji umekuwa milioni 10.6. Wakati wa kuuza, dalali na kodi vikila 800,000, mkononi zinabaki milioni 14.2. Faida ni milioni 3.6 kwa miaka 5, sawa na takriban asilimia 6 kwa mwaka. Milioni 10.6 hizohizo zikikaa kwenye mudaraba ya asilimia 7, na faida ikirudishwa kila mwaka, zingefika karibu milioni 14.9. Tena mudaraba inakupa fedha muda wa mkataba ukiisha, ilhali kiwanja kinamngoja mnunuzi.

Lakini usidanganyike kwamba mudaraba haina hatari. Hasara ya mtaji ni yako. Benki inapoteza jasho lake, isipokuwa kama imezembea au imevunja mkataba. Kwa hiyo anayekuhakikishia mtaji wote pamoja na faida isiyobadilika amekuletea riba iliyovishwa kanzu. Soma kifungu cha hasara kabla ya kusaini.

Kwa tarakimu hizi, ningechagua dirisha la benki ya pili. Ila fedha za kununulia mzigo wa vitenge usizifunge humo. Nenda na maswali hayo kwa wote wawili, na asiyekuonyesha alicholipa miaka iliyopita usimpe akiba yako.