Panya wa darini hachukui mahindi mtegoni

Tuchukue nyumba ya kawaida ya vijijini Rungwe, tuseme nje kidogo ya Tukuyu. Jiko liko pembeni, na juu ya moto kuna dari la mbao lenye mahindi yanayokaushwa kwa moshi. Kwenye kona kuna mkungu wa ndizi unaosubiri kuiva, na chini ya kitanda gunia la viazi. Panya wanakimbia juu usiku kucha. Mama mwenye nyumba ametega mtego mmoja katikati ya sakafu, akauwekea punje tatu za mahindi. Wiki imepita, punje zipo, panya wapo.

Kosa la kwanza ni chambo. Panya wa nyumba hii analala juu ya mahindi, kwa hiyo hana sababu ya kushuka kuyafuata kwenye mtego. Chambo kizuri ni chakula kinachonukia ambacho panya hakipati kwa urahisi hapo alipo. Katika nyumba iliyojaa mahindi, ndizi na viazi, kitu hicho ni samaki au mafuta. Usipa wa Ziwa Nyasa, wanaopanda kutoka Kyela hadi sokoni Tukuyu, wanafaa sana: chukua mmoja, mkaange kidogo au umpitishe kwenye moto hadi anukie. Karanga zilizokaangwa na kupondwa hadi zitoe mafuta nazo ni chambo cha kuaminika. Watafiti wanaokamata panya mara nyingi hutumia siagi ya karanga iliyochanganywa na unga au pumba za mahindi. Pumba huifanya ishikamane, lakini kinachomvuta panya ni karanga. Kwenye ghala la karanga au samaki, geuza hesabu: tega kwa ndizi mbivu.

Kiasi kiwe kidogo, kama punje moja ya maharage. Donge kubwa humwezesha panya kulamba pembeni bila kugusa kijibati cha chambo. Usipa afungwe kwa uzi kwenye kijibati hicho ili panya amvute, maana anapomvuta ndipo mtego unapofyatuka. Asubuhi ukikuta chambo kimekwisha na mtego haujafyatuka, ama hukukifunga, ama mtego ni mgumu. Ujaribu kwa kukigusa kijibati kwa kijiti chembamba: mguso mwepesi utoshe. Kwa unyevu wa Rungwe, ubao huvimba na springi hushika kutu, kwa hiyo tia tone la mafuta ya kupikia kwenye maungio. Kama chambo kimezungukwa na sisimizi, hao ndio wamekula. Weka kipya kila jioni, kwa sababu chambo chenye ukungu hakinukii chakula tena.

Kosa la pili ni haraka. Panya wa darini huogopa kitu kigeni kwenye njia yake, na anaweza kukizunguka siku kadhaa. Kwa hiyo weka mitego ikiwa na chambo lakini haijategwa, usiku 3 hivi. Kila asubuhi angalia ni ipi imeliwa. Vyambo vikishaliwa kwenye mitego mingi, itege yote usiku mmoja. Hapo ndipo usiku wa kwanza wa kutega unaleta mavuno, kwa kuwa panya wanakuja wakiwa wameshazoea. Mama yule alitega mmoja tu, na mtego mmoja humfundisha panya anayenusurika kuuogopa. Kwa jiko kama lake ningetumia mitego 6 hadi 8.

Mahali pa kuiweka panya wenyewe watakuonyesha. Tafuta mavi yao, na alama nyeusi za mafuta ya manyoya kwenye ukuta na mbao, kwani panya hupita njia ileile akigusa ukuta. Mtego uwekwe ukielekea ukuta, upande wa chambo ukiugusa, si katikati ya sakafu. Katika nyumba hii, mitego mingi iende juu: 4 au 5 kwenye mbao za dari, ifungwe kwa waya ili panya asiivute ikaanguka, na iliyobaki kando ya ukuta nyuma ya gunia na kwenye kona ya ndizi. Ile ya chini ifunikwe kwa boksi lenye matundu mawili, ili mtoto, kuku au paka asiguse. Jioni ya kutega funika viazi, osha vyungu, ondoa makombo.

Usiku wa pili unaweza usikamate wengi kama wa kwanza. Hiyo ni kawaida. Endelea hadi chambo kibaki bila kuguswa usiku kadhaa, na mavi mapya yasionekane.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, mfukie mbali na kisima, kisha unawe kwa sabuni. Viroboto humwacha panya anapopoa na kutafuta mwili mwingine, na katika sehemu nyingine za nchi, kama Lushoto, viroboto hao waliwahi kueneza tauni. Kwa hiyo kagua mitego asubuhi na mapema, kabla watoto hawajaamka.